Shajara ya mradi: kilima cha mti chini ya kawa

18 Januari

Nimeanza kuandika shajara hii leo kwa sababu mradi wetu wa kuonyesha kiini cha atomu kwa gololi na kilima cha mti umeacha kuwa mazungumzo na umeanza kuhitaji mbao. Kwa miezi miwili nimekuwa nikisoma fizikia ya atomu na vijana wanne wa sekondari hapa mjini Lamu, wakati wa jioni, barazani kwetu, na kila tulipofika kwenye majaribio yaliyofanyika Manchester kati ya 1909 na 1913 nilihisi kwamba ninawapa hadithi mahali pa hoja. Hadithi wanaijua vizuri: chembe za alfa, zenye chaji chanya na zinazorushwa na vitu kama radiamu, zilielekezwa kwenye jaribosi ya dhahabu, nyingi zikapita, chache zikarudi nyuma, kwa hiyo atomu ina kiini kidogo sana katikati. Binti wa kidato cha tatu ndiye aliyenikamata. Aliuliza, “Mwalimu, kama karibu zote zimepita, kwa nini tusiseme kwamba zile chache ni makosa ya kupima?”

Sikumjibu papo hapo, kwa kuwa swali lake ni zito kuliko jibu nililokuwa nalo. Katika vipimo vya kawaida ndivyo tunavyofanya: usomaji mmoja ulio mbali na mingine yote tunautilia shaka. Kinachotakiwa kuelezwa ni kwa nini hapa zile chache ndizo zilizobeba habari, na zile nyingi hazikuwa na la kutuambia juu ya ukubwa wa kiini.

Nimewaeleza kwanza kazi yenyewe ilivyofanywa, maana bila kuiona kwa macho ya moyo hoja haishiki. Hans Geiger, na Ernest Marsden ambaye mwaka 1909 alikuwa bado mwanafunzi wa miaka 20, walifanya kazi katika maabara ya Ernest Rutherford. Katika vipimo vya 1913 chanzo chao kilikuwa gesi inayotoka kwenye radiamu, iliyofungwa ndani ya kibomba cha kioo chenye kuta nyembamba kiasi cha kupitisha chembe za alfa. Miale ilipita kwenye tundu jembamba, ikagonga jaribosi, na nyuma yake kulikuwa na kioo kidogo kilichopakwa salfaidi ya zinki, ambayo hutoa mmweko mdogo kila inapogongwa na chembe moja. Mtu aliketi gizani mpaka macho yakazoea, akatazama kwa hadubini, akahesabu mimweko mmoja mmoja. Mimweko ikizidi takriban 90 kwa dakika, jicho hushindwa kuitenganisha; ikiwa michache mno, kungoja kwenyewe humchosha mtazamaji naye huanza kukosea. Chombo kizima kiliondolewa hewa, kwa sababu hewa nayo hutawanya chembe. Tena walipima bila jaribosi, ili wajue ni mimweko mingapi inayokuja bila sababu wanayoitafuta.

Hicho kipimo tupu ndicho jibu la kwanza kwa binti. Makosa ya kupima yangebaki hata jaribosi ikiondolewa, na yasingejali kama bamba ni la dhahabu au la alumini. Mimweko ya pembe kubwa ilijali yote mawili.

25 Januari

Leo tumefanya hesabu ambayo nadhani haifanywi madarasani kiasi inavyostahili. Tumeichukua kwa uzito ile picha ya atomu iliyokuwepo kabla, ya J. J. Thomson, ambamo chaji chanya imeenea katika atomu nzima na elektroni zimo ndani yake, kisha tukauliza: picha hiyo ingetabiri nini hasa? Wengi huizungumzia kana kwamba ilikuwa upuuzi. Haikuwa hivyo.

Chembe ya alfa kutoka katika kile chanzo ina nishati ya MeV 7.7, yaani elektronivolti milioni 7.7. Atomu ya dhahabu ina nusu kipenyo cha karibu nanomita 0.14 na chaji chanya 79. Ikiwa chaji hiyo imetandazwa katika tufe lenye ukubwa wa atomu nzima, nguvu kubwa kuliko zote huwa kwenye uso wa tufe, na tukikadiria msukumo wake tunapata kwamba chembe inakengeuka kwa karibu nyuzi 0.012 tu. Ni kidogo mno. Lakini jaribosi yenye unene wa mikromita 0.4, ambayo Rutherford aliitumia kama mfano katika makala yake ya 1911, ina tabaka kama 1,500 za atomu. Kila tabaka husukuma upande wake bila mpango, na misukumo ya namna hiyo hujumlishwa kwa kipeuo cha pili cha idadi, ambacho hapa ni karibu 39. Zao la 39 na 0.012 ni chini kidogo ya nusu nyuzi.

Geiger alikuwa amepima kwamba katika jaribosi ya unene huo pembe inayotokea zaidi ni nyuzi 0.87. Kwa makadirio ya juujuu kama yetu, nusu nyuzi na nyuzi 0.87 ni majirani. Vijana walinyamaza kidogo walipoona hivyo, nami nilifurahi, kwa kuwa sasa waliona kwamba zile chembe nyingi zinazopita karibu moja kwa moja hazikuweza kuuamua ugomvi huu. Atomu ya Thomson ilikuwa na maelezo yanayofaa juu yake.

Sasa zije zile chache. Ikiwa pembe kubwa ni mkusanyiko wa misukumo midogo, na pembe inayotokea zaidi ni 0.87, basi uwezekano wa kuzidi nyuzi 90 ni e kwa kipeo cha hasi nusu ya mraba wa 90/0.87. Kijana mmoja aliibonyeza kwenye kikokotoo, kikampa sifuri. Tukalazimika kutumia logi kwa mkono, tukapata sehemu moja katika 10 yenye kipeo 2324. Chembe zote ambazo maabara zote duniani zingeweza kuzitoa zisingefika popote karibu na idadi hiyo. Kipimo kilichotajwa na Rutherford ni takriban moja katika 20,000.

Kwa hiyo neno “chache” lina maana mbili, na hapo ndipo hadithi ya darasani inapotupoteza. Tukilinganisha na zile zilizopita, ni chache. Tukilinganisha na zile ambazo mkusanyiko ungeruhusu, ni nyingi kupita kiasi. Maelezo yaliyosalia ni kwamba kila chembe iliyorudi ilirudishwa na mgongano mmoja, na atomu moja, mahali ambapo nguvu ni kubwa mno kuliko inayoweza kupatikana kwenye uso wa tufe lile pana.

1 Februari

Nimekwenda kwa fundi seremala anayekereza miguu ya vitanda na nguzo za madirisha, nikampelekea kigezo nilichokichora kwenye kadibodi. Vijana humwita Ami, nami pia nimezoea. Nilimwomba akereze kilima cha duara, chenye nusu kipenyo cha sentimita 25 chini, ambacho kimo chake kwa umbali r kutoka katikati ni 30/r − 1.2, vipimo vyote vikiwa sentimita. Kwa umbali wa sentimita 10 kimo ni 1.8, kwa sentimita 6 ni 3.8, na juu kabisa nilitaka kikatwe kiwe bapa penye nusu kipenyo cha sentimita 4, ambapo kimo ni 6.3. Ami alikitazama kigezo kwa muda, akapitisha kidole kwenye ule mkunjo, akasema, “Huu si mlima. Hii ni tarumbeta imesimamishwa.” Ni kweli, na umbo hilo lina maana yake: gololi inayokuja kutoka mbali huona mteremko mdogo sana, kisha karibu na katikati ukuta unapanda kwa ghafla.

Sababu ya umbo hilo ni kwamba nishati ya kusukumana kwa umeme kati ya chaji mbili inalingana na 1/r, na nishati ya gololi juu ya kilima inalingana na kimo. Tukiifanya kimo ifuate 1/r, gololi inapanda kilima kama chembe ya alfa inavyopanda msukumo wa kiini. Gololi huviringika, kwa hiyo sehemu ya nishati yake ni ya kuzunguka. Lakini maadamu inaviringika bila kuteleza, mezani na kilimani vilevile, sehemu hiyo inabaki kwa uwiano uleule na haiharibu ulinganifu. Pale mteremko unapokuwa mkali, karibu na kilele, ulinganifu hulegea, kwa sababu gololi inaanza kutumia nishati katika mwendo wa kupanda ambao katika umeme haupo. Nimeliandika hili mapema ili nisije nikajisahau baadaye nikadai zaidi ya kilichopo.

Ile 1.2 niliyoitoa inafanya ukingo wa kilima ulingane na meza, gololi isigonge kizingiti. Lakini inafanya jambo jingine pia: nje ya sentimita 25 hakuna msukumo wowote. Hata atomu halisi iko hivyo kwa namna yake, kwa kuwa elektroni zinazozunguka kiini huifunika chaji yake, na chembe inayopita mbali haikioni kiini.

8 Februari

Meza ni plaiwudi nzima, kilima kimekaa katikati. Tumekata bomba la plastiki kati kwa urefu likawa mfereji, na gololi inaachiwa kutoka kimo cha sentimita 3 juu ya meza. Mfereji husogezwa milimita 2 kila mara, kutoka sentimita 19.9 kushoto kwa mstari wa katikati hadi sentimita 19.9 kulia, kwa hiyo tunapata gololi 200 zilizotawanyika sawasawa. Kuzunguka meza tumesimamisha kadibodi iliyogawanywa vyumba vya nyuzi 30, na kila gololi huhesabiwa chumba ilimoingia.

Matokeo ya kwanza hayakukubalika. Gololi zilizoingia vyumba vya kushoto zilikuwa nyingi kuliko za kulia kwa kiasi ambacho bahati haiwezi kukieleza, ilhali kilima ni duara na hakina sababu ya kupendelea upande. Tukaondoa kilima, tukafanya kipimo tupu kama wale wa Manchester. Gololi zilizotakiwa kwenda moja kwa moja zilipinda zote kuelekea kushoto. Plaiwudi ilikuwa imelala siku tatu juu ya paa, katika upepo wa kaskazi na chumvi yake, ikabenuka. Pimamaji lilionyesha mwinamo ambao jicho halikuuona. Kwa gololi iliyoachiwa kutoka sentimita 3 tu, tofauti ya milimita mbili tatu kati ya upande na upande ni sehemu kubwa ya nishati yake yote.

Tumeipigia mihimili miwili chini na kuiweka sawa kwa vipande vya kadibodi. Ulinganifu wa kushoto na kulia nimeufanya kipimo cha kudumu: kabla ya kuamini hesabu yoyote, lazima pande mbili zikaribiane.

9 Februari

Gololi 200, kimo sentimita 3, meza imenyooka. Safu ya kwanza ni pembe, ya pili ni tuliyotabiri kwa hesabu ya njia ya gololi, ya tatu ni tuliyohesabu:

nyuzi 120 hadi 180: 24, tukapata 26
nyuzi 90 hadi 120: 17, tukapata 18
nyuzi 60 hadi 90: 29, tukapata 27
nyuzi 30 hadi 60: 62, tukapata 60
chini ya nyuzi 30: 68, tukapata 69

Nimeridhika sana. Gololi iliyogeuka nyuzi 90 au zaidi ni ile tu iliyolenga ndani ya sentimita 4.1 kutoka mstari wa katikati, upande wowote. Hapo vijana waligundua wenyewe jambo nililotaka waligundue: kuhesabu ngapi zimerudi ni sawa na kupima upana wa shabaha. Gololi 44 kati ya 200, katika upana wa sentimita 40, ni shabaha ya upana wa sentimita 8.8, na hesabu ilisema 8.2. Hatukuhitaji rula kugusa kilima.

Lakini kijana mdogo kuliko wote akauliza kwa nini sisi tunapata karibu moja katika tano, na Manchester walipata moja katika maelfu. Tukakaa kwenye ngazi za baraza tukapiga hesabu. Katika dhahabu, chembe ya MeV 7.7 hugeuka zaidi ya nyuzi 90 ikilenga ndani ya femtomita 14.8, yaani mita 14.8×10⁻¹⁵, kutoka katikati ya kiini. Tukikikuza kipimo hicho kiwe zile sentimita 4.1 za mezani kwetu, atomu jirani ya dhahabu ingekuwa karibu mita 800 kutoka hapo. Kutoka mjini Lamu hadi Shela ni kama kilomita 3, kwa hiyo njia nzima ya pwani ingetosha vilima vinne hivi, na kati yao hakuna kitu cha kuizuia gololi. Sisi tumerusha gololi zetu zote katika sentimita 40 za mwisho. Isitoshe meza ina upana tu, ilhali jaribosi ina eneo. Katika meza nafasi hupungua kwa umbali, katika jaribosi hupungua kwa mraba wa umbali.

Tofauti hiyo ya meza na eneo inaonekana pia katika sheria ya pembe. Kwa chembe halisi, idadi inayofika kwenye kioo kidogo huenda kinyume na sin⁴ ya nusu ya pembe. Kwa meza tupu isiyo na ukingo ingekuwa sin² tu. Vipimo vya dhahabu vya 1913 ni vizuri kuvitazama. Katika nyuzi 15 idadi iliyosawazishwa ni 132,000, katika nyuzi 60 ni 477, katika nyuzi 150 ni 33.1. Ukizidisha kila moja kwa sin⁴ ya nusu ya pembe yake unapata 38.3, 29.8 na 28.8. Idadi imeshuka karibu mara 4,000, na zao limebaki karibu palepale. Bila shaka hakuna jicho lililohesabu mimweko 132,000 kwa mkupuo. Chanzo kilikuwa kikififia siku hadi siku, nao wakakitumia kikiwa dhaifu kwa pembe ndogo na kikiwa kikali kwa pembe kubwa, kisha wakasawazisha.

Nilimgeukia binti aliyeuliza lile swali la Januari. Makosa ya kupima hayafuati sin⁴.

15 Februari

Wiki hii nilitaka kuhakikisha ile “moja katika 20,000” kwa hesabu yangu mwenyewe, na nilikwama siku mbili. Programu ni fupi:

```python
from math import pi, tan, radians

def sehemu(nyuzi, Z=79, E=7.7, n=5.9e28, t=4e-7):
    d = 2 * Z * 1.44 / E * 1e-15
    b = d / 2 / tan(radians(nyuzi) / 2)
    return n * t * pi * b**2

print(1 / sehemu(90), 1 / sehemu(60))
```

Hapa `d` ni umbali wa karibu kabisa ambao chembe iliyolenga katikati kamili hufikia kabla ya kusimama na kurudi, `b` ni umbali wa kando ambao ukilengwa huleta pembe inayotakiwa, `n` ni idadi ya atomu za dhahabu katika mita ya ujazo, na `t` ni unene wa jaribosi. Kwa nyuzi 90 ilinipa moja katika 62,000 hivi, mara tatu mbali na nilivyotarajia. Nilikagua vizio, nikakagua msongamano wa dhahabu, nikaandika hesabu upya kwenye daftari, ikarudi ileile.

Kosa lilikuwa katika kusoma. Makala ya 1911 inasema chembe moja katika 20,000 hivi iligeuzwa kwa pembe ambayo wastani wake ni nyuzi 90; haisemi kwamba zilizidi nyuzi 90. Chembe zikiwa na wastani wa 90 lazima nyingine ziwe chini yake. Programu inasema zinazozidi nyuzi 60 ni moja katika 20,600. Sidai kwamba mpaka wao ulikuwa 60, lakini ukubwa wa idadi umekaa mahali pake, na nimejifunza kutopita haraka juu ya neno “wastani”.

22 Februari

Leo nimewaambia vijana jambo ambalo vitabu vingi vya shule hulichanganya. Kwa dhahabu, `d` ni karibu femtomita 29.5. Rutherford mwenyewe, akichukua chaji ya katikati kuwa 100, alipata sentimita 3.4×10⁻¹², yaani femtomita 34. Mara nyingi huandikwa kwamba huo ndio ukubwa wa kiini alioupima. Sivyo. Ni mahali chembe iliposimama. Sheria ya 1/r imeshika mpaka hapo, kwa hiyo kiini hakijaanza bado; kimo mahali fulani ndani zaidi. Kilichopatikana ni dari, yaani kiini hakizidi hapo. Tunajua leo kwamba nusu kipenyo cha kiini cha dhahabu ni karibu femtomita 7, chini ya robo ya dari ile.

Tena mtawanyiko wenyewe haukuweza hata kusema kama chaji ya katikati ni chanya au hasi, na katika makala hiyo ya 1911 Rutherford aliliacha suala hilo wazi. Njia ya chembe inayosukumwa na ya chembe inayovutwa hutoa pembe zilezile kwa umbali uleule wa kando. Vijana hawakuamini mpaka tulipochora njia zote mbili, moja ikirudi kabla ya kiini, nyingine ikikizunguka kwa nyuma kisha ikatoka kwa pembe ileile.

Ukubwa wenyewe huonekana pale sheria inapovunjika tu. Ili kuvigusa viini vya dhahabu chembe ya alfa ingehitaji takriban MeV 25, na vyanzo vya asili havina nishati hiyo. Lakini alumini ina chaji 13 tu. Kwa chembe ileile ya MeV 7.7, hata baada ya kuhesabu kwamba kiini chepesi cha alumini hurudi nyuma kinapogongwa, umbali wa karibu kabisa ni femtomita 5 na nusu hivi, na hapo chembe mbili zinakaribia kugusana. Katika miaka ya 1920, huko Cambridge, Rutherford na James Chadwick waliona kwamba kwa metali nyepesi kama alumini idadi ya pembe kubwa haifuati tena ile sheria. Kutofuata huko ndiko kuliko na habari ya ukubwa.

1 Machi

Jaribio la mwisho la kilima. Nimeazima kawa kubwa nyumbani, ile tunayofunikia sinia la wali, nikaining'iniza kwa kamba nne juu ya kilima, ukingo wake ukiwa juu ya meza kiasi cha gololi kupita. Vijana wawili waliokosa siku zile za mwanzo hawajawahi kuona kilele kilikatwa wapi. Kazi yao ni kukadiria nusu kipenyo cha kilele bila kuinua kawa. Mkunjo wa kilima wamepewa, kwa kuwa hesabu za tarehe 9 zilikwisha kuuthibitisha.

Waliachia gololi katikati kamili, wakipandisha kimo nusu sentimita kila mara, na kila kimo mara kumi. Kwa kimo cha 3, 4, na 5 gololi zote zilirudi zilikotoka. Kwa 6 zilirudi zote bado, lakini kwa kusitasita, na sauti ya kuviringika ilikatika kwa muda mrefu kidogo chini ya kawa kabla ya kusikika tena. Kwa 6.5 pia zilirudi. Kwa 7 zilitoka upande wa pili, saba kati ya kumi. Wakarudi katikati, wakapata kwamba kwa 6.8 gololi ya kwanza inavuka.

Hesabu yao: gololi iliyoachiwa kutoka kimo H hufika mahali ambapo 30/r ni sawa na H + 1.2, kwa hiyo kwa 6.8 ni 30 gawanya kwa 8, yaani sentimita 3.75. Waliinua kawa, Ami akawapa kalipa yake, wakapima sentimita 4 kamili. Walitaka kujua zile milimita mbili na nusu zimekwenda wapi. Gololi hupoteza nishati kidogo njiani kwa msuguano, kwa hiyo inahitaji kuachiwa juu zaidi ya inavyotakiwa, na kimo kikubwa kikiingizwa katika hesabu kinatoa kilele chembamba kuliko kilivyo. Pia pale juu mteremko ni mkali, na lile onyo la tarehe 1 Februari linahusika.

Kisha nikawarudisha kwenye kimo cha sentimita 3 na swali moja: kama tungekuwa na gololi za kimo hicho tu, tungesema nini juu ya kilele? Binti wa kidato cha tatu alichukua chaki akaandika juu ya plaiwudi: 30 ÷ 4.2 = 7.1. Chini yake akaandika, “hakizidi 7.1”, akapiga mstari chini ya neno “hakizidi”.